Jumamosi Inadanganya

(Maneno aliyoyasema mwenye saluni mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, mbele ya wenye saluni na vinyozi wenzake, yakaandikwa baadaye)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za mchana. Mwenyekiti amenipa nusu saa na akaniomba niseme lini mtu afungue saluni ya pili. Nitajibu, ila itabidi nianze na ile niliyoifunga.

Mnaijua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Saa nne asubuhi viti vyote vimejaa, mmoja yuko chini ya draya, wawili wako kwenye benchi la mlangoni wanachezea simu, bibi harusi mtarajiwa amekuja na mashoga zake watatu, na mtoto wa mtu analia kwa sababu anasukwa twende kilioni na kichwa kinamuuma. Wewe umesimama katikati, kitana mkononi, simu inaita, unamwambia mtu, "Dada, leo sina nafasi, njoo kesho." Ukirudi nyumbani usiku miguu imevimba na unajiambia: sehemu imekuwa ndogo, natafuta fremu nyingine.

Mwaka 2022 nilifanya hivyo. Dalali akanipatia fremu nzuri, barabarani, kodi laki sita kwa mwezi, miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Nikapaka rangi, nikanunua vioo, nikamhamishia kule msusi wangu bora ili pachangamke. Baada ya miezi saba niliondoka, na vioo nikaviuza kwa bei ya kutupa.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo! Kila jioni naandika: leo laki mbili na nusu, jana laki moja na themanini. Tatizo ni kwamba lilikuwa linaandika pesa tu. Lilinieleza kilichoingia, na halikuwahi kunieleza viti vyangu vilikuwa vinafanya nini mchana kutwa, wala aliyetoka leo kama nitamwona tena.

Baada ya kufunga nikachora safu tano kwenye daftari jipya. Namba ya simu ya mteja. Saa aliyokaa kwenye kiti. Saa aliyoinuka. Pesa ya ufundi peke yake. Tarehe aliyosema atarudi. Binti wa mapokezi anajaza, mimi najumlisha Jumatatu, siku tunayofunga. Nilifanya hivyo wiki nane bila kubadilisha kitu kingine chochote, na nawaomba muanze hivyohivyo, kwa sababu ukibadilisha bei na mpangilio huku ndiyo kwanza unahesabu, hutajua kilicholeta nini.

Tuanze na kiti. Nilikuwa na viti vitano. Tunafungua saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, saa kumi kamili, siku sita. Tano mara kumi mara sita ni 300. Hizo ndizo saa za kiti nilizokuwa nazo kuuza kila wiki. Si vichwa, ni saa. Ukihesabu vichwa utajidanganya, maana anayesuka rasta ndogo ndogo na anayeosha na kuseti rola wote ni kichwa kimoja, lakini mmoja anakaa saa saba na mwingine saa moja na robo.

Kwa wastani wa zile wiki nane, katika saa 300 nilikuwa nauza 141. Asilimia 47. Nilirudia kujumlisha mara tatu, nikidhani binti amekosea. Ndipo nikazigawa kwa siku. Jumamosi, 46 kati ya 50. Ijumaa, 36. Jumapili baada ya ibada, 24. Halafu Jumanne saa tisa. Tisa! Jumatano 11, Alhamisi 15. Yaani nilichokuwa nakiona Jumamosi kilikuwa kweli kabisa, asilimia 92, lakini mimi nalipa kodi ya siku saba, na Jumanne viti vinne vilikuwa vinakaa na vumbi huku wasusi wanaangalia tamthilia.

Sasa sikilizeni hesabu iliyoniuma. Ile fremu ya pili, kodi laki sita, umeme na maji laki na nusu, mlinzi na usafi laki moja, mtu wa mapokezi laki mbili na nusu. Milioni moja na laki moja kila mwezi kabla mtu hajakaa kwenye kiti. Kwa hesabu ya wakati ule saa moja ya kiti ilikuwa inaniingizia kama 9,800 ya ufundi. Msusi anachukua asilimia 40, shampoo, mafuta na dawa zinakula kama 10, kwa hiyo kwangu inabaki nusu, tuseme 4,900. Gawanya milioni moja na laki moja kwa 4,900 unapata saa 224 kwa mwezi, yaani 52 kwa wiki. Hizo ni za kutoka bila hasara tu, sijala chochote. Nilikwenda kukopa, nikapaka rangi, nikapigana na dalali, ili nipate mahali pa kuuza saa 52 kwa wiki. Na kwangu Tabata, kwenye kodi ambayo nimeshailipa, saa 159 zilikuwa zimelala.

Mtu ataniambia, lakini wateja wenyewe wanataka Jumamosi, Jumanne utawatoa wapi? Swali zuri, na nitalifikia. Kwanza kuna mtego mmoja kwenye hii hesabu ya viti.

Kiti si mkono. Kinyozi hapa haya hayamhusu sana, kwake kiti kimoja mtu mmoja. Sisi tunaosuka tunajua kichwa kimoja kinaweza kukaliwa na wasusi wawili, hata watatu. Rasta ndogo za saa saba, wakiingia wawili zinaisha kwa saa nne. Kiti kimekuwa huru mapema, lakini mikono miwili imetumika saa nne nne, jumla nane. Kwa hiyo ukitazama kiti peke yake utadhani una nafasi, kumbe wasusi wako wamechoka. Au kinyume chake: viti vimejaa kwa sababu mteja mmoja anangoja draya, mwingine anangoja beseni la kuoshea, umeme umekatika, na mikono imekaa tu. Mimi nilikuwa na viti vitano na wasusi wanne, na Jumamosi naongeza deiwaka mmoja. Nilichokuwa nakosa Jumamosi kilikuwa mikono. Kiti cha sita kingeongeza mtu wa kungoja akiwa amekaa vizuri zaidi.

Kanuni niliyojiwekea ni nyepesi. Jumamosi, mikono ni adimu, kwa hiyo kichwa kikubwa anaingia mmoja. Jumanne mikono imekaa tu, wanaingia wawili. Bei kwa mteja ni ileile. Jumamosi ikapumua bila kununua hata stuli.

Haya, la kurudi. Hapa mniruhusu nikae kidogo.

Wenzetu wa saluni kubwa kubwa wanahesabu mteja aliyebuku tena kabla hajatoka mlangoni. Kubuku, siyo ile buku ya elfu moja. Kwetu mteja anajitazama kwenye kioo, anatingisha kichwa, anasema, "Nitakupigia." Kwa hiyo nahesabu mambo mawili mbalimbali: aliyeondoka na tarehe, na aliyerudi kweli. Na kurudi lazima kuwe na muda wake. Rasta tunasema wiki sita hadi nane, zikizidi hapo nywele za mbele zinaanza kukatika na lawama ni zako. Wa kuosha na kuseti ni wiki mbili. Ukiwapima wote kwa mwezi mmoja, wa rasta wataonekana wamekukimbia na bado wana vichwa vyako.

Nikachukua wateja 100 mfululizo, nikawapa wiki kumi. Walioondoka na tarehe walikuwa 22 tu, na kati yao 17 walikuja. Waliosema nitakupigia walikuwa 78, wakaja 25. Angalieni hapo: wenye tarehe, zaidi ya watatu kati ya wanne wanarudi. Wa nitakupigia, hata mmoja kati ya watatu hafiki vizuri. Sisemi tarehe ina uchawi. Mwenye kupanga tarehe pengine tayari alikupenda. Lakini kwa jumla wateja 42 kwa 100 walikuwa wanarudi, maana yake 58 kila mara nawatafuta upya, na mimi nilikuwa nimefungua fremu ya pili juu ya ndoo inayovuja.

Tena nikaangalia hao 42 walirudi kwa nani. 23 waliomba msusi yuleyule mmoja, yule niliyemhamishia barabarani. Ndiyo maana alipoondoka Tabata ilikauka, na kule alikokwenda haikujaa, kwa sababu nusu ya wateja wake walikwenda mara moja wakaona mbali. Mwenye saluni anayetaka kukua aangalie hili kabla ya kodi: wateja ni wa saluni au ni wa mikono ya mtu mmoja? Ukikuta ni wa mtu mmoja, hujafikia kuwa na saluni mbili. Sikumlaumu yeye. Nilimrudisha, nikampa nyongeza, na kila Jumatano akawa anakaa na wasusi wadogo wawili kwenye kichwa kimoja. Baada ya miezi kadhaa wateja wakaanza kusema, "Hata yule mdogo sawa tu."

Sasa lile swali la Jumanne. Tulibadilisha namna ya kuuliza. Zamani binti alikuwa anauliza kaunta, mteja ameshashika mkoba: "Utarudi lini?" Jibu mnalijua. Sasa anauliza msusi, mteja bado yuko kwenye kiti anajitazama, amefurahi. Na haulizi lini. Anasema, "Hizi zitakaa wiki sita. Njoo tuzifumue, tuoshe, tukupige stimu. Nikuandike Jumanne au Alhamisi?" Jumamosi haitajwi. Anayeitaka ataisema mwenyewe, na Jumamosi ina elfu tano juu. Ukibuku unaacha advansi ya elfu tano kwa lipa namba, inakatwa kwenye bei siku ukija. Kuna waliokasirika kwa advansi, sitawadanganya. Ila ile tabia ya kubuku saa tatu na kuzima simu ilipungua sana.

Mnaona ilivyofanya kazi. Mama wa nyumbani, mwalimu aliye likizo, muuza duka mwenye msaidizi, hawa hawakuwa na haja ya Jumamosi. Walikuja Jumamosi kwa sababu hakuna aliyewapa siku nyingine. Kufumua peke yake kumekuwa kazi ya elfu ishirini, saa mbili, ambayo zamani mteja alikuwa anaifanya nyumbani mbele ya televisheni na wifi yake.

Matumizi ya mteja kwa kila ujio, hili ni fupi. Chukua pesa ya ufundi ya wiki, gawa kwa idadi ya waliokuja. Kwangu ilikuwa 1,392,000 kwa wateja 48, yaani 29,000. Toa pesa ya nywele. Mteja akinunua kwako pakiti sita za rasta, ile pesa ni ya Kariakoo, wewe umepata kipande kidogo tu, na ukiijumlisha utaona wastani umepanda na mfukoni hamna kitu. Toa na bibi harusi, mwandike pembeni, kwa sababu mmoja wa laki nne anaweza kuinua wiki nzima ukajiona tajiri.

Na usimpende mteja kwa pesa ya mwisho tu, igawe kwa saa alizokaa. Rasta za elfu sitini kwa saa saba ni kama 8,500 kwa saa. Kuosha na kuseti kwa elfu kumi na tano, saa moja na robo, ni 12,000 kwa saa. Yule wa elfu sitini tulikuwa tunamkaribisha kwa soda na huyu wa rola anaachwa kwenye benchi. Jumamosi, saa ikiwa adimu, huyu wa rola ndiye anayelipa zaidi. Nilipandisha rasta ndogo hadi elfu sabini. Nilijuaje kwamba sikukosea? Sikusikiliza manung'uniko, kila mtu hunung'unika bei ikipanda. Nilingoja wiki nane zipite nikaangalia wangapi wa rasta wamerudi. Kama kurudi kungeshuka, ningeshusha bei. Hakukushuka.

Miezi mitano baadaye nilikuwa nauza saa 198 kati ya 300, asilimia 66. Waliorudi 55 kwa 100. Wastani wa ujio 33,000. Dalali alinipigia tena wakati huo, bado ana namba yangu, nikamwambia hapana. Nilichofanya ni kumwajiri yule deiwaka awe msusi wa kudumu. Mikono mitano, viti vitano.

Mnataka mstari. Wangu ni huu, na ni wangu kwa biashara yangu: robo tatu ya saa zote za wiki, kwa wiki kumi na mbili mfululizo, bila sikukuu. Sisubiri asilimia 100, haipo. Mtu anachelewa, mwingine nywele zake ni nyingi kuliko alivyosema kwenye simu, sakafu inafagiliwa. Ukiona saluni imefika 95 kila siku, jua kuna watu wanageuzwa mlangoni na wasusi hawali mchana. Sikukuu nazitoa kabisa: wiki mbili kabla ya Idi, Desemba nzima. Na Idi inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo ukilinganisha Aprili na Aprili ya mwaka jana unaweza kulinganisha wiki ya sikukuu na wiki ya funga, ukapandwa na presha bure. Januari nayo ni ada za shule, usiamue lolote Januari.

Mwaka uliofuata nilivuka huo mstari. Wiki kumi na mbili, wastani wa saa 234, asilimia 78, na Jumanne yenyewe ilikuwa 31 kati ya 50. Waliorudi 58. Hapo nikaongeza safu ya sita: waliogeuzwa. Kila aliyepiga simu au kufika akakosa nafasi, anaandikwa, na siku aliyoitaka. Tisa kwa wiki. Kila mmoja wastani wa saa tatu, ni saa 27. Nikakata theluthi, wale wa kuuliza bei tu. Zikabaki 18.

Fremu ya barabarani, kwa hesabu ile ya zamani, ilitaka 52. Kwa hiyo hata nikiwa nimejaa, hata watu wanageuzwa, bado saluni ya pili ilikuwa hapana. Lakini jirani yangu ukuta kwa ukuta, fundi cherehani, alikuwa anahama. Kodi laki tatu na nusu, umeme tuseme elfu themanini zaidi, mapokezi yaleyale, mlinzi yuleyule. Jumla 430,000. Saa ya kiti wakati huo ilishafika 11,000, nusu yake 5,500. Ni saa 78 kwa mwezi, 18 kwa wiki. Kumi na nane nilizonazo, kumi na nane ninazohitaji. Hapo nilikaa kimya. Nikamwomba mwenye nyumba miezi miwili, nikamlipa nusu ya kodi ili asimpe mtu mwingine, na binti akaendelea kuandika. Waliogeuzwa wakafika 12. Saa 36, toa theluthi, 24. Nikasaini, tukatoboa ukuta.

Viti sasa ni saba, kwa hiyo saa za kuuza ni 420. Wiki ya kwanza nilimaliza na 247, asilimia 59, kutoka 78. Mume wangu aliiona ile namba kwenye daftari akaniangalia tu. Nikamwambia aangalie ile nyingine, saa zilizouzwa zimepanda, ila sahani imekuwa kubwa. Wiki iliyopita zilikuwa 268. Jumanne bado inanisumbua.

Daftari nimekuja nalo, liko pale mezani karibu na maji. Namba za simu nimezifunika kwa karatasi, msizifunue. Mwenyekiti, nadhani nimekula dakika zako tano.